Breka haikukata: kutafuta chanzo cha plagi inayochemka, friji linalopiga shoti na waya uliochubuka

Swali ninaloulizwa kuliko yote nikiitwa kwenye nyumba iliyoungua soketi ni hili: "Fundi, mbona breka haikukata?" Huwa linaulizwa kwa hasira kidogo, kana kwamba breka imefanya uzembe kazini. Mara nyingi breka ni nzima kabisa. Haikukata kwa sababu hakikutokea kitu ambacho iliwekwa pale ikizuie.

Breka ya kawaida ya soketi, ile ya ampea 20, iliwekwa kulinda waya zilizomo ukutani. Haioni joto la plagi, haioni waya wa ekstensheni uliofichwa chini ya zulia, na mtu aliyeshika friji haioni kabisa. Ukilielewa hilo, dalili nyingi za hatari ndani ya nyumba zinaanza kusomeka zenyewe. Tuzipitie moja moja, kwa umeme wetu wa volti 230 na plagi zetu za pini tatu nene.

Dalili: plagi au ekstensheni inachemka, harufu ya plastiki, breka iko juu

Nichukue chumba na sebule cha kupanga, mfano wa vile vinavyojaa Mbagala na Tandale. Sebule ina soketi moja ukutani. Mpangaji amechomeka ekstensheni yenye matundu matano, na kila tundu lina kazi. Friji dogo ni wati 150, televisheni wati 100, jiko la umeme la wali wati 700. Asubuhi, watoto wakijiandaa kwenda shule, linaongezeka jagi la kuchemshia maji la wati 2200 na pasi ya wati 1200. Jumla ni wati 4350. Gawanya kwa 230, unapata karibu ampea 19.

Sasa fuata njia inayopitwa na hizo ampea 19. Breka ni ya 20, kwa hiyo haina sababu ya kukata. Plagi ya ekstensheni ina fyuzi ya 13, na hapo mtu anatarajia ikatike. Haikatiki upesi. Fyuzi halisi ya 13 ya plagi za namna hii imetengenezwa iweze kubeba mara 1.6 ya namba yake, yaani karibu ampea 21, kwa nusu saa bila kukatika. Asubuhi ya kupiga pasi na kuchemsha chai inakwisha kabla ya nusu saa. Fyuzi imepona, breka imepona, na kilichoumia ni waya wa ekstensheni.

Uchukue huo waya uusome. Kwenye ganda lake pamechapwa maandishi madogo kama `3×0.75 mm²`. Namba ya mwisho ndiyo unene wa shaba ndani ya kila waya. Waya wa 0.75 unabeba ampea 6 kwa usalama, wa 1.0 unabeba 10, na ni kuanzia 1.25 ndipo unapostahili plagi ya 13. Ekstensheni nyingi za bei ndogo mgongoni zimeandikwa "13A 250V" kwa herufi kubwa, lakini waya wake ni 0.75, na nyingine hata 0.5. Amini waya, usiamini mgongo. Katika mfano wetu waya wa ampea 6 umebebeshwa 19, zaidi ya mara tatu. Na joto haliongezeki mara tatu, linaongezeka kwa mraba wake, yaani karibu mara kumi.

Ikiwa waya umeviringishwa uonekane nadhifu, au umepita chini ya zulia au godoro, joto hilo halina pa kutokea. Ganda linalainika, linabonyea pale lilipokanyagwa na mguu wa kochi, na siku moja waya wa moto unaoleta umeme unagusana na wa nyutro unaourudisha. Hapo ndipo breka inapokata, lakini tayari kuna cheche zimeruka kwenye zulia.

Dawa ya nyumba hii haina gharama kubwa. Jagi na pasi zichomekwe ukutani moja kwa moja, moja baada ya nyingine. Ekstensheni ibaki na televisheni, chaja na redio. Chochote chenye kazi ya kutoa joto, iwe jagi, pasi, jiko, hita au mashine ya kukaushia nywele, kisipite kwenye ekstensheni ya waya mwembamba. Friji nalo ni afadhali liwe na soketi yake, kwa kuwa kila mota inapoanza inavuta kwa sekunde moja umeme mwingi mara kadhaa kuliko ule ulioandikwa. Na kuchomeka ekstensheni ndani ya ekstensheni hakuongezi uwezo wowote, mzigo wote bado unapita kwenye ile plagi ya kwanza.

Kama soketi ya ukutani ni moja tu na mahitaji ni hayo, mwambie mwenye nyumba aongeze soketi. Najua majibu yatakavyokuwa. Hata hivyo soketi moja ya ziada ni nafuu kuliko dari.

Dalili: plagi inachemka ingawa kuna kitu kimoja tu

Hii ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu hapa hesabu ya wati haikusaidii. Jagi peke yake, ukutani, ampea tisa na kitu. Hakuna kilichozidi. Lakini ukichomoa plagi baada ya maji kuchemka, pini zinakuchoma kidole, au tundu moja la soketi lina weusi pembeni na plastiki imekuwa ya kahawia.

Chanzo ni kulegea. Ndani ya soketi kuna vyuma vinavyoibana pini. Vikishatanuka kwa matumizi, au skrubu inayoshika waya nyuma ya soketi ikilegea, umeme unapita kwenye sehemu ndogo iliyogusana badala ya uso mzima wa chuma. Tuseme hapo pana ukinzani wa nusu omu tu. Ampea 9 zikipita zinazalisha wati 40 za joto mahali padogo kama punje ya mchele. Pasi ndogo ya kulehemu redio ina joto la kiasi hicho hicho. Na breka haiwezi kujua, maana kwake zinapita ampea 9 za halali.

Utaitambua kwa mambo haya: plagi inaingia kirahisi mno na inacheza ukiigusa, unasikia mlio mwembamba wa kukaangika kifaa kikiwaka, taa ya jagi inapepesa ukisogeza plagi, na weusi uko upande mmoja tu, mara nyingi kwenye pini ya moto au pale fyuzi inapokaa. Joto kidogo la vuguvugu kwenye plagi ya jagi si kosa. Joto linalokufanya uondoe mkono ni kosa.

Ukiliona, zima breka ya soketi hizo kwenye kisanduku, sio swichi ya soketi tu, kisha ndipo uchomoe. Usiendelee "kwa leo tu". Soketi iliyoungua haisafishwi kwa msasa, inabadilishwa. Na plagi iliyokuwa ndani yake ibadilishwe pia, kwa sababu pini iliyoungua itaharibu soketi mpya ndani ya wiki chache. Nimewahi kuona familia imebadilisha soketi ile ile mara kadhaa, wakimlaumu mwenye duka kwa kuuza feki, wakati mkosaji alikuwa plagi ya jagi.

Feki nazo zipo, hilo halina ubishi. Njia rahisi ya kuzibaini dukani ni sumaku ndogo. Pini nzuri ni za shaba nyeupe, ambayo haivutwi na sumaku. Ikinasa, chuma kimepakwa rangi ya shaba, na chuma kinachemka upesi. Fanya hivyo hivyo kwa ncha ya waya. Halafu fungua plagi utazame fyuzi. Kuna nyingine haina fyuzi, kuna kipande cha waya, na kwenye nyumba za watu nimekuta karatasi ya pakiti ya sigara iliyoviringishwa ikifanya kazi ya fyuzi. Plagi ya namna hiyo haina kikomo chochote.

Dalili: breka inakata. Lakini inakata vipi?

Muda ndio unaosema chanzo. Ikikata papo hapo, kwa mlio, mara tu unapowasha kitu fulani, kitu hicho kina shoti, waya wa moto na wa nyutro vimegusana. Kiweke pembeni. Ikikata baada ya nusu saa au saa, bila mlio, wakati vitu vingi vinafanya kazi, mzigo umezidi. Breka ya 20 imeruhusiwa kubeba hadi 29 na inaweza kuchukua karibu saa nzima kabla ya kukata, kwa hiyo ukiona inakata kwa kuchelewa ujue umekuwa ukizidisha kwa muda mrefu. Mtu asikushawishi kuweka breka ya 32 ili "isisumbue". Waya wa ukutani ni ule ule wa milimita 2.5, na sasa ndio utakaoungua wa kwanza.

Kinachokata kikiwa ni kile kifaa kipana kidogo chenye kitufe cha T na maandishi `RCD` au `RCCB` na `30mA`, basi habari ni nyingine kabisa: kuna umeme unaovuja, unatoka nje ya njia yake na kwenda ardhini. Chomoa plagi zote za nyumba. Kuzima swichi zake hakutoshi, maana swichi inakata waya wa moto tu, na nyutro iliyogusana na ethi, ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndani ya kifaa kilichozimwa bado inaweza kuikata RCD. Ukishachomoa vyote, irudishe juu. Ikikaa, chomeka kimoja kimoja mpaka upate kinachoiangusha. Mara nyingi ni jagi, pasi, hita ya maji au friji la siku nyingi. Ikigoma kukaa hata vyote vikiwa vimechomolewa, tatizo liko kwenye waya za nyumba na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya mega ya kupima ganda la waya.

Dalili: ukigusa friji linakutekenya

Watu wanalizoea. Wanavaa ndala, wanafungua mlango kwa kitambaa, mgeni akija anaonywa: "Dada, friji hilo lishike na leso." Umeme unaotekenya leo kwa mtu mkavu mwenye ndala ni ule ule utakaomshika mtoto anayetoka kuoga. Tofauti haiko kwenye friji, iko kwenye ngozi.

Ngozi kavu inazuia umeme kwa maelfu mengi ya omu. Tuseme 20,000: volti 230 zikigawanywa hapo unapata miliampea 11 na nusu, kiasi cha kustua na kuanza kukaza misuli. Ngozi ikiloa, na mtu amesimama peku kwenye sakafu ya saruji yenye maji, ukinzani wa mwili mzima unashuka hadi kama omu 1,000. Sasa zinapita miliampea 230. Kuanzia miliampea 10 hivi vidole vinakaza na mtu hawezi kuachia alichoshika. Kuanzia 30 hadi 50 kupitia kifua, moyo unaweza kuacha mapigo yake na kuanza kutetemeka tu bila kusukuma damu. Linganisha na breka ya ampea 20, ambazo ni miliampea 20,000. Mtu anaweza kufa pale jikoni na breka isihisi kitu.

Kwa hiyo friji linalotekenya linachunguzwa siku hiyo hiyo. Anza na plagi, ndiko ninakokuta kosa mara nyingi. Vifaa vingi vinaingia na plagi ya pini mbili nyembamba. Soketi zetu zina kifuniko ndani ya matundu ya chini, kinachofunguliwa na pini ya juu ya ethi. Watu wanachomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, wanafungua kifuniko, wanaingiza pini mbili. Friji linawaka, wote wanafurahi, na ethi haipo. Pini hizo nyembamba pia hazibanwi vizuri, kwa hiyo umejitengenezea na tatizo la kulegea tulilolitaja juu. Chaja ya simu haina haja ya ethi, lakini friji, pasi, jagi, mashine ya kufulia na chochote chenye mwili wa chuma kinaihitaji.

Kama plagi ina pini tatu na bado linapiga, basi ama waya wa ethi umekatika mahali fulani, ama ethi ya nyumba yenyewe ni dhaifu. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengine wanalipita haraka. Nyumba nyingi zinategemea fimbo ya ethi iliyochimbiwa nje, karibu na ukuta wa mita. Tuseme fimbo hiyo ina ukinzani wa omu 20 kwenda ardhini, ambao si mbaya sana kwa udongo wetu. Waya wa moto ukigusa mwili wa friji, umeme utakaokimbia kwenda ardhini ni 230 gawa kwa 20, yaani ampea 11 na nusu. Breka ya 20 haitakata kamwe. Friji linabaki na umeme, na kwa kuwa ethi za nyumba nzima zimeunganishwa, pasi, mashine ya kufulia na hata bomba la chuma navyo vinaweza kuanza kupiga. Ndiyo maana wakati mwingine mtu anapigwa shoti na kifaa kizima kabisa, ilhali kibovu kiko chumba kingine. Wakati wa kiangazi udongo ukikauka, omu zinapanda na hali inazidi.

RCD ya miliampea 30 ndiyo jibu la hilo. Yenyewe inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika hapo inakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Fungua kisanduku chako utazame kama ipo. Kama ipo, bonyeza kitufe cha T mara moja kwa mwezi: ikikata, nzima, isipokata, ni pambo. Kama haipo na unaweza kugharimia kitu kimoja tu cha umeme mwaka huu, weka hicho kabla ya televisheni kubwa. Aiweke fundi mwenye leseni ya EWURA, apime na fimbo ya ethi siku hiyo hiyo. Sio kazi ya kubahatisha na testa.

Na kuhusu testa: bisibisi yenye taa ikiwaka kwenye mwili wa friji inakuambia kuna umeme, sawa. Isipowaka haikuthibitishii usalama, hasa kama wewe umesimama juu ya ndala nene au ngazi kavu.

Mikono yenye maji

Kwenye nyumba zetu matukio ya maji yanajirudia mahali palepale. La kwanza ni koili ya kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. Utaratibu wake hauna mjadala: koili inaingia ndani ya maji kwanza, ndipo inachomekwa, inachomolewa kwanza, ndipo mtu anayagusa maji. Kuzima swichi na kuacha plagi ndani hakutoshi, kwa kuwa kama aliyefunga soketi aligeuza waya, swichi inakata nyutro na koili inabaki na umeme. Usipime joto kwa kidole koili ikiwa imechomekwa. Ndoo iwe ya plastiki, na iwe mahali ambapo mtoto hafiki.

La pili ni hita ya kuogea ya papo hapo inayofungwa juu bafuni, ya wati 4500 hadi 5500. Hiyo ni hadi ampea 24, kwa hiyo haichukui umeme kutoka kwenye soketi ya karibu. Inataka waya wake mnene, breka yake, ethi na RCD. Dalili ya hatari ni kutekenywa unapofungua koki, au maji yenyewe kutekenya. Toka, zima breka yake, usiiwashe mpaka ipimwe. Watu wengine wanaendelea kuoga wakiwa wamevaa ndala za mpira. Ndala hazina msaada ikiwa mkono mmoja umeshika koki ya chuma na maji yanakutiririkia kichwani.

La tatu ni jikoni: mtu anaosha vyombo, jagi linachemka, anageuka kulichomoa na mikono ina povu. Kausha mikono, au liache lizime lenyewe. Kupiga deki karibu na ekstensheni iliyolala sakafuni ni jambo hilo hilo kwa sura nyingine, hivyo ekstensheni itundikwe ukutani. Mvua ikiingia ndani na maji yakakaribia soketi, zima swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa umesimama pakavu. Kama huwezi kuifikia bila kukanyaga maji, usiingie.

Dalili: pasi inawaka ukiukunja waya, inazima ukiunyoosha

Nyuzi za shaba zimekatika shingoni, pale waya unapoingia kwenye pasi, kwa kukunjwa kila siku. Zimebaki chache, umeme wote unapita humo, zinachemka na kutoa cheche ndani ya ganda. Kama uliokatika ni waya wa ethi, hutaona dalili yoyote. Pasi itawaka vizuri kabisa bila kinga.

Tepu nyeusi haitibu hilo. Tepu inafunika, hairudishi nyuzi zilizokatika, na juu ya pasi yenye joto gundi yake inayeyuka. Waya uliochubuka shingoni unakatwa sehemu mbovu yote na kufungwa upya na fundi, au unabadilishwa mzima. Waya uliochubuka katikati usiungwe kwa kusokota na kufunikwa kwa mfuko wa plastiki, namna ninavyoona kila mara kwenye waya za feni. Kiungo cha kusokota kinalegea, na tumeshaona kulegea kunafanya nini.

Kagua waya kwa macho na vidole ukiwa umechomoa kwanza. Utafute sehemu iliyo ngumu, iliyong'aa au iliyobonyea. Meno ya panya nyuma ya friji. Na pale waya unapobanwa na mlango. Ukiona rangi ya shaba hata kwa ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kifaa kimeshastaafu mpaka kitengenezwe. Kata plagi yake kabisa kama nyumba ina watoto, vinginevyo kuna mtu atakichomeka.

Mtu amepigwa shoti: kwa mpangilio

Usimguse. Huo ndio mstari mgumu kuliko yote kuufuata, maana anayeanguka ni mwanao au mama yako. Kama bado ameshikwa, mwili wake ni sehemu ya waya, na ukimshika mnakuwa wawili. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Kama haiwezekani, simama juu ya kitu kikavu kama ubao au mkeka mkavu, umsukume mbali kwa mti mkavu, mpini wa ufagio wa mbao au kiti cha plastiki kikavu. Fimbo mbichi, deki yenye maji na bomba la chuma havifai. Yote haya ni kwa umeme wa ndani ya nyumba. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali sana, zuia watu wasisogee, piga simu TANESCO.

Akishaachana na umeme, muite kwa jina na umtazame kifua. Asipoitika na asipopumua sawasawa, au anatoa pumzi za kukoroma zilizoachana sana, moyo wake huenda umesimama. Mlaze chali sakafuni pagumu. Weka kisigino cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha viwiko, bonyeza chini sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, achia kifua kirudi juu, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Ni kasi ya kuchosha, kwa hiyo pokezaneni kila dakika mbili, na mwingine atafute gari au ambulensi. Msisimame mpaka aanze kupumua au wataalamu wafike. Moyo uliosimamishwa na umeme mara nyingi ni moyo uliokuwa mzima dakika moja kabla, ndiyo maana inafaa kung'ang'ana. Kama kuna moto pia, Zimamoto ni 114, na usimwage maji mpaka umeme ukatwe.

Kumfukia mchangani ili "umeme utoke" kunapoteza dakika zake. Umeme haubaki ndani ya mtu. Ukishaukata unaweza kumshika bila hofu. Kumnywesha maziwa nako hakufai: mtu ambaye hajapata fahamu vizuri yatampalia.

Akiwa anapumua lakini hana fahamu, mlaze ubavu. Kama alianguka kutoka kwenye ngazi, shingo yake isigeuzwe ovyo. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta na unga havipakwi.

Na yule aliyepigwa, akasimama, akacheka, akasema "niko sawa"? Kama ilikuwa mstuko wa mara moja wa kidole, ngozi haina alama na anajisikia kawaida, mtazame tu. Lakini apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kama alizimia hata kwa sekunde chache, alishikwa akashindwa kuachia, umeme ulipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, alikuwa amelowa, ana maumivu ya kifua, mapigo yanakwenda ovyo, ganzi au bega halinyanyuki. Mjamzito aende hata akijisikia mzima, na mtoto mdogo pia, hasa aliyetafuna waya. Alama ya kuungua ikionekana ndogo isikudanganye: umeme unaingia kwa tundu dogo na kuunguza misuli ndani. Kama kuungua ni kwa ndani, mkojo unaweza kuwa wa rangi ya chai ya rangi au koka kola ndani ya saa au siku zinazofuata. Hiyo ni misuli iliyokufa inayopita kwenye figo, na haisubiri asubuhi. Mwambieni daktari ilikuwa volti 230 za nyumbani, alishika nini, kwa muda gani, ili ajue kama apime moyo na damu.

Kifaa kilichompiga kibaki kimechomolewa, na breka ya eneo hilo ibaki chini mpaka fundi apime. Bandika karatasi juu ya kisanduku, kwa maandishi makubwa, kwamba isirudishwe. Wakati ninyi mko hospitali, kuna jirani mwema atakayeingia kuzima jiko na kukuta nyumba iko gizani.